Waridi Lisilokunywa

Kilichonikasirisha zaidi ni sahani. Ua lenyewe lilikuwa limekauka mpaka majani yanavunjika ukiyagusa, lakini sahani ya bati iliyo chini yake ilikuwa imejaa maji mpaka ukingoni. Nilisimama kibarazani kwangu Moshono, begi la safari bado begani, nikatazama ile sahani, na nikajua nimemkamata mtu.

Mimi ni mwalimu. Nilikuwa nimetoka kusahihisha mitihani, wiki tatu tumefungiwa shule ya bweni ya mkoa mwingine, kazi ni kusoma majibu na kunusa wizi. Ukifanya kazi hiyo muda mrefu unaanza kuamini kwamba kila jibu zuri limenakiliwa mahali. Nilirudi nyumbani nikiwa na macho hayo hayo.

Ua lilikuwa waridi, lile la rangi ya maziwa lenye wekundu kidogo pembeni. Lilipandwa kwenye ndoo ya rangi iliyotobolewa matundu chini kwa msumari wa moto. Mama mkwe wangu alifanya kazi miaka mingi kwenye shamba la maua kule Usa River, akikata na kufunga maua ambayo hakuyaona tena yakishapanda gari. Hili alilikuza mwenyewe kutoka kwenye kijiti, kwa udongo wa nyumbani kwake mlimani, samadi, na makapi ya kahawa. Alipougua ugonjwa wake wa mwisho alituita mimi na wifi yangu, binti yake pekee, akanyoosha kidole kwenye ndoo akasema, "Hili apewe mwalimu." Wifi yangu aligeuza uso akatazama dirishani.

Ule mgeuko wa uso niliuweka akiba. Nilijua siku moja nitauhitaji.

Baada ya msiba wifi yangu alikuja kukaa nasi. Ni mkubwa kwa mume wangu, fundi cherehani, mwanamke wa maneno machache. Aliweka cherehani yake kwenye kona ya kibaraza, hatua nne kutoka kwenye waridi. Tulitaniana kama mawifi wanavyotaniana. Yeye akisema Wachaga tunapika ndizi kama tunamkomoa mtu, mimi nikimjibu kwamba Wameru wanazila na kuomba nyongeza. Lakini mimi nikicheka jicho moja lilikuwa linaangalia mikono yake. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee, na wifi wa ndani ya nyumba yuko karibu kuliko nguo.

Kwa hiyo siku ile sikuweka hata begi chini.

"Wifi," nikasema, "hili ua limepata maji lini?"

Alikuwa anashona sare za shule. Hakusimamisha mguu. "Leo asubuhi. Kila asubuhi ninalimwagilia. Si nilikupigia simu nikakwambia? Halinywi."

Ni kweli alipiga. Wiki ya pili nikiwa kwenye mitihani alinipigia akasema, "Wifi, ua lako halinywi maji." Nilimjibu sawa, nikakata, nikamwambia mwalimu niliyelala naye chumba kimoja kwamba nyumbani kuna mtu anajiandalia utetezi. Ua litakosaje kunywa maji? Ua si ng'ombe mgonjwa.

Nilichuchumaa, nikaweka kidole kwenye udongo. Ulikuwa mgumu kama tofali. Tena ulikuwa umesinyaa, umejitenga na ndoo pande zote, pakabaki ufa wa kuzunguka ambao kidole changu chote kiliingia mpaka kifundoni. Udongo wa kumwagiliwa kila siku unakuwa hivyo? Nikatazama sahani tena, na hesabu ikajifunga yenyewe kichwani. Mtu huyu hakumwagilia wiki tatu. Leo amesikia narudi, amechukua jagi, amejaza sahani ili nikute maji.

"Mimi nimesahihisha makaratasi mengi," nikamwambia. "Jibu la kunakili nalijua hata kwa harufu. Umejaza sahani leo."

Mguu wake ukasimama. "Unasema nini, wifi?"

"Nasema ulitaka life. Tangu siku ile mama aliponipa mimi, ulitaka life."

"Wifi."

"Mama yako alikufa mara moja. Ulitaka umuue mara ya pili?"

Maji yakimwagika hayazoleki. Niliyasikia yakitoka mdomoni mwangu, nikaona usoni kwake mahali yalipoangukia, na bado sehemu moja ya moyo wangu ilifurahi kwamba nimesema vizuri. Hiyo ndiyo sehemu ninayoionea aibu mpaka leo.

Alikata uzi, akakunja sare, akaifunika cherehani kwa kile kitambaa chake cha maua, akaingia ndani. Alitoka na mfuko mmoja. Mume wangu aliporudi jioni, dada yake alikuwa ameshafika kwao mlimani, juu ya Usa River, kwenye nyumba ya mama yao iliyokuwa na kufuli tangu msiba.

Mume wangu alisikiliza maelezo yangu yote, sahani, udongo, simu. Mwisho akauliza, "Una hakika?" Nikamwambia nina hakika. Akasema, "Haya."

Nikaanza kulihudumia ua mwenyewe. Kila asubuhi kabla ya shule jagi zima, kila jioni jagi jingine. Maji yalikuwa yanatoka chini vizuri, sahani inajaa, naimwaga, najisikia mama mwema. Siku ya tatu majani yaliyobaki yakaanguka. Siku ya tano matawi ya juu yakawa ya kahawia. Nikajiambia amelitia kitu. Nikauonja udongo kwa ncha ya ulimi nikitafuta chumvi. Ndiyo, niliuonja, mwanamke mzima mwenye stashahada. Haukuwa na chumvi. Nikainusa ndoo nikitafuta sabuni ya unga. Nikamshuku na jirani wa upande wa pili, kwa sababu kuku wake hupita pale, na nikamshuku yule anayeuza maji kwa mkokoteni bomba likikatika, kwamba maji yake si ya mto anaosema. Jumamosi ya wiki ya pili nikawa nimewashuku watu wote wa mtaa isipokuwa mmoja.

Nikaibeba ndoo mpaka barabarani kwenye kitalu cha miche, pale chini ya mteremko ambapo wanapanga maua kwenye mifuko myeusi mpaka karibu na lami. Mwenye kitalu ni mama wa Kiarusha, mtu mzima, masikio yake yametobolewa zamani, koti la baridi la kiume juu ya kanga. Nilikuwa nimeshajiandaa naye pia. Niliamini atatikisa kichwa, aseme limekufa, aniuzie jipya.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Leta huyo mgonjwa."

Aliipokea ndoo kwa mkono mmoja. Akainyanyua juu, akaishusha, akainyanyua tena, akacheka.

"Umelimwagilia lini?"

"Leo asubuhi. Jagi zima."

"Jagi zima liko wapi? Shika mwenyewe."

Nikashika. Nilikuwa nimeibeba kutoka nyumbani bila kufikiri kwamba ndoo ya udongo iliyokunywa lita mbili asubuhi haipaswi kubebeka kama kapu la mkaa uliokwisha. Yule mama akaiweka ndoo juu ya matofali mawili, akachota kopo la maji, akalimwaga katikati ya udongo. Maji hayakuzama. Yalijikusanya, yakateleza juu ya udongo kama juu ya kitambaa cha mwavuli, yakafika kwenye ufa, yakatumbukia. Kabla hajashusha kopo yakawa yanachuruzika chini kwenye matundu.

"Umeona njia yake?" akasema. "Udongo wa hivi, wenye samadi na makapi, ukikauka kupita kiasi unasinyaa, halafu unakataa maji. Maji yanapita pembeni, yanakwenda zake. Wewe ulikuwa unainywesha sahani."

"Kwa hiyo hata mtu akimwagilia kila siku..."

"Hata akimwagilia mara tatu. Atakuta sahani imejaa, atasema limeshiba." Akakwaruza shina kwa ukucha, kwanza juu, pakawa pakavu. Akashuka chini, karibu na udongo, akakwaruza tena. Chini ya ganda palikuwa na kijani chembamba, chenye unyevu. "Hili halijafa. Nani alikuwa analitunza?"

"Wifi yangu. Nilikuwa safari."

"Alikuwa anaiacha sahani na maji?"

"Ilikuwa imejaa."

"Basi yeye ndiye aliyelifikisha hapa likiwa hai. Maji ya sahani yalikuwa yanalambwa kidogo kidogo na mizizi ya chini. Wewe je, sahani unaiacha?"

Nilikuwa naimwaga. Kila siku, asubuhi na jioni, kwa usafi.

Akaniuliza swali lingine, bila ubaya, wakati anatafuta karai. "Kabla ya hapo lilikauka lini? Maana udongo haufiki huku kwa siku moja mbili."

Nilitaka kusema sijui. Lakini nilijua, na nilijua papo hapo. Sisi Wachaga Krismasi hatubaki mjini. Tulifunga nyumba tukapanda kijijini kwetu, wiki mbili nzima za kula na kusalimiana, na wifi yangu akaenda kwa ndugu zake. Waridi lilibaki kibarazani chini ya bati, jua la Desemba na ule upepo wenye vumbi, bila tone. Tuliporudi nililikuta limelegea. Niliona hata kaufa kembamba pembeni ya ndoo. Nikalimwagia majagi mawili, maji yakatoka chini, nikaridhika, kesho yake nikaenda kusahihisha mitihani ya watoto wa watu.

"Wakati wa Krismasi," nikamjibu. "Nililiacha mimi."

Yule mama alijaza karai maji, akaizamisha ndoo mpaka maji yakakaribia ukingo. Ndoo ikaelea. Iliegama upande kama chupa tupu, na hapo sikuhitaji maelezo zaidi. Akaweka nusu tofali juu ya udongo, mbali na shina, akaishikilia mpaka ikatulia. Mapovu yakaanza kupanda. Akachukua waya wa gurudumu la baiskeli, akatoboa udongo polepole hapa na pale, akizunguka mbali na mizizi mikubwa, na kila tundu likatoa mapovu yake.

"Tunakaa," akasema. "Kitu kilichokauka hivi hakitaki maji mengi, kinataka maji ya kukaa nayo."

Tulikaa zaidi ya saa moja. Alihudumia wateja wawili, akarudi, akatazama. Mimi nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikiyatazama mapovu, na kila nilipofikiri yamekwisha moja likatoka. Nilimfikiria wifi yangu kila asubuhi, kabla hajakaa kwenye cherehani, anachukua jagi, anamwaga, anaona maji yanakimbia, anaona ua la mama yake linakufa mbele ya macho yake na hajui afanye nini. Akanipigia simu. Akaniambia kwa maneno machache kile kile alichoniambia yule mama, ua halinywi, na mimi nikakata simu.

Mapovu yalipokwisha kabisa alinipa upande mmoja wa ndoo, tukainyanyua wawili. Tukaiweka juu ya matofali ichuruzike. Udongo ulikuwa umevimba, ufa umebaki kama uzi tu. Akausindilia udongo mpya pembeni kwa kidole, akakata matawi yaliyokufa mpaka kwenye kijani. Lilibaki kama mkono wenye vidole vitatu.

"Kivulini wiki mbili. Samadi usitie, mgonjwa hapewi nyama. Na usiliache linasimama kwenye maji sasa, mizizi itaoza. Mwagilia kidogo, ngoja, kidogo tena. Kabla ya kumwagilia nyanyua. Likiwa zito, liache." Akapangusa mikono kwenye koti. "Sidai," akasema, neno la lugha ya kwao lenye maana ya vizuri.

"Huniuzii jingine?" nikamuuliza. Sikuweza kujizuia.

"Hili si lako? Jingine la nini?"

Siku ya kumi na mbili jicho jekundu la chipukizi lilitokeza kwenye kidole cha katikati, dogo kama punje ya mtama. Kesho yake mawili. Nilimwita mume wangu, akaja na mswaki mdomoni, akayatazama, akasema, "Sasa unangoja nini?" Kisha akaongeza, "Usiende mikono mitupu."

Nilijua cha kubeba. Kwetu ukimkosea mtu kosa kubwa unampelekea jani la isale, ule mmea wa mipakani wenye majani marefu. Kwa upande wa mume wangu wanaliheshimu vile vile. Aliyeletewa isale hakatai msamaha. Nikaenda kwenye uzio wa jirani mwenye kuku, nikaomba jani, nikalifunga fundo. Na nitasema ukweli wote: wakati nalifunga nilikuwa nahesabu. Nilijiambia, na hili hawezi kukataa.

Nilimkuta kwao mlimani amekaa kwenye ngazi ya mlango, anapukuchua mahindi kwenye ungo. Kaburi la mama liko pale pale, ng'ambo ya migomba michache. Nikatua ndoo. Nikapiga magoti, nikamnyooshea jani kwa mikono miwili.

Alilitazama muda mrefu. Akapangusa mikono, akalipokea kwa mikono miwili.

"Nimepokea," akasema. "Nimesamehe. Mila hainiruhusu vinginevyo, na wewe ulilijua hilo kabla hujapanda gari."

Akaliweka jani juu ya ungo.

"Sasa mila imekwisha. Sema wewe mwenyewe."

Nikasema. Nilimweleza karai, mapovu, sahani, Krismasi. Nilimwambia nililikausha mimi, yeye ndiye aliyelinusuru, na nikamwambia pia kuhusu ule uso aliougeuzia dirishani siku tulipoitwa na mama. Nilimwambia nimeuweka akiba miaka miwili.

Hapo ndipo aliponitazama sawasawa.

"Ule uso," akasema. "Unajua kwa nini mama alikupa wewe? Mimi ndiye niliyemwambia. Usiku wa kabla yake aliniuliza, ua nimwachie nani. Nikasema mwalimu, ana kibaraza, mimi leo niko huku kesho kule, litakufa. Nilitazama dirishani kwa sababu nilikuwa nalia, wifi. Nilijua akishagawa na ua hakuna kilichobaki."

Nilikaa chini kwenye vumbi na gauni langu la kanisani. Nililia kwa sauti, na yeye hakunizuia wala hakunigusa. Aliendelea kupukuchua mahindi. Baadaye akainuka, akaenda kwenye ndoo, akagusa yale macho mekundu kwa mgongo wa kidole.

"Likae hapa kwako," nikamwambia. "Ni haki yako."

"Lirudishe. Mama alikwambia wewe. Cherehani yangu umeifunika?"

"Nimeifunika. Kila siku naipangusa."

"Usiipanguse. Nitakuja."

Niliteremka nimeipakata ndoo, moyo mwepesi. Nitakuja, alisema. Nilibadilisha shuka za kitanda chake jioni ile ile.

Alikuja baada ya mwezi, asubuhi ya Jumamosi, na kijana wa kirikuu, kile kigari cha mizigo. Nilikimbilia nje. Hakuwa na mfuko. Alinisalimia vizuri, akauliza habari za shule, akanitania kwamba nimenenepa kwa ndizi za kumkomoa mtu. Kisha akamwonyesha yule kijana cherehani, wakaipakia garini, wakaifunga kamba.

"Wifi," nikasema, "chumba chako nimekitandika."

"Najua. Asante." Alisema kwa upole, akaikaza kamba.

Kabla ya kupanda gari alirudi kibarazani. Waridi lilikuwa limetoa majani, na chipukizi moja lilikuwa limefunga ua. Akaishika ndoo kwa mikono miwili, akainyanyua kidogo, akaitua. Akaomba jagi. Akamwaga kidogo, akasubiri. Akamwaga kidogo tena. Kisha akachuchumaa, akatazama sahani, na mimi nikachuchumaa pembeni yake, tukasubiri pamoja. Sahani ilikaa kavu.

"Linakunywa," akasema, akanirudishia jagi.

Gari lilipoondoka nilibaki natazama kona ya kibaraza, pale saruji ilipobaki na alama nne za miguu ya cherehani. Siku hizi asubuhi nainyanyua ndoo kwanza, halafu ndipo namwagilia. Alama zile nimejaribu kuzisugua, hazitoki.